Damu wakati wa tendo: huenda ni kamba tu, si gonjwa

SWALI: Nina miaka 26, naishi Lusu, Nzega. Sijatahiriwa. Nilipokuwa na mke wangu nilisikia kama kitu kimechanika chini ya uume, damu ikatoka nyingi tukaogopa. Kilipona, lakini baada ya wiki mbili kikachanika tena palepale, na sasa nikisimamisha nahisi kuvutwa. Mke wangu anadhani nimeleta ugonjwa. Je, nitapona bila kukatwa?

JIBU: Chini ya kichwa cha uume kuna kamba ndogo ya ngozi inayokiunganisha na govi. Kwa wengine huwa fupi tangu kuzaliwa. Uume ukisimama na govi likirudi nyuma, kamba hiyo hukazwa, na mwendo wa tendo ukiwa mkavu au wa haraka huchanika. Ndani yake hupita mshipa mdogo wa damu, ndiyo maana damu huwa nyingi kuliko ukubwa wa jeraha.

Maelezo yako yanalingana na hali hiyo. Mpasuko ni mmoja, mahali pamoja, ulitokea ghafla mkiwa katika tendo, na bado unahisi kuvutwa. Vuta govi taratibu uume ukiwa umesimama, bila kulazimisha: kichwa kikiinama kuelekea chini, kamba ni fupi. Govi likikataa kabisa kurudi kwa sababu mdomo wake umebana, hilo ni tatizo jingine. Vidonda vilivyojitokeza bila kuchanika, usaha au maumivu ya kukojoa vinahitaji vipimo vya magonjwa ya zinaa, kwako na kwa mkeo. Na mipasuko midogo mingi kuizunguka ncha ya govi, hasa kwa mtu anayekojoa sana na kusikia kiu, hunifanya niagize kipimo cha sukari kwanza.

Kuhusu kupona bila kukatwa: mara ya kwanza inawezekana. Kamba ikikatika yote, wakati mwingine tatizo huishia hapo. Yako ilichanika nusu, ikaunga kwa kovu. Kovu halinyooki kama ngozi, kwa hiyo kamba iliyokuwa fupi sasa ni fupi zaidi, nawe ukarudi kazini kabla halijakomaa. Wiki mbili ni chache. Kaa wiki nne hivi bila tendo wala kujichua, osha kwa maji safi tu, kisha mwanze polepole mkitumia kilainishi cha maji. Usipake majivu, spiriti wala dawa ya meno. Nimeviona vyote, na kila kimoja huunguza ngozi au huleta uchafu kwenye jeraha.

Damu ikitoka tena, shika sehemu hiyo kwa kitambaa safi kati ya kidole gumba na cha shahada, ubane dakika kumi ukitazama saa, bila kuchungulia jeraha. Ikiendelea kutiririka baada ya kurudia mara moja, nenda hospitali usiku huohuo. Usifunge kwa uzi wala mpira.

Ikichanika mara ya tatu, au maumivu yakibaki, dawa ni upasuaji mdogo. Unachomwa sindano ya ganzi, daktari anakata kamba kwa mkato wa kukingama, kisha anashona jeraha kwa urefu. Kugeuza mwelekeo huo wa mshono ndiko kunakoongeza nafasi, na govi lako linabaki. Kazi haizidi nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo, na nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki chache. Kinachosumbua ni kusimama usiku, kunakovuta nyuzi. Kojoa kabla ya kulala. Tendo lisubiri wiki nne hadi sita. Kwa wachache kovu hukaza tena.

Njia ya pili ni tohara. Tabora ni miongoni mwa mikoa iliyolengwa na mpango wa taifa wa tohara ya kitabibu, kwa kuwa wanaume wengi huku hawakutahiriwa, na tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Ukiichagua, mwambie mhudumu kabla hajaanza kwamba kamba ilishachanika, maana hapo ndipo damu hutoka kwa urahisi katika tohara. Kwako ningeelekea kwenye tohara, ila uamuzi ni wako na mkeo.

Jambo moja usilisubirishe: kama hamjapima VVU, pimeni, maana jeraha la wazi ni mlango wa virusi. Aliyechanika akiwa na mtu ambaye hali yake haijulikani awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 aulizie dawa za PEP.

Ukifika hospitali ya wilaya, huna haja ya kueleza mbele ya foleni. Sema una jeraha sehemu za siri na unaomba kuonwa faragha. Nenda na mkeo, daktari amweleze mwenyewe.