Nyundo ya maji: valvu inafungwa Malindi, bomba linapasuka kwingine

Katika Mji Mkongwe wa Unguja na mitaa inayouzunguka, maji ya bomba kwa miaka mingi yamekuwa ya mgao. Valvu za mitaa hufunguliwa na kufungwa kwa zamu, na kila inapofungwa, maji yaliyokuwa mbioni ndani ya bomba hulazimika kusimama. Mhandisi wa mifumo ya maji anajibu maswali ya wasomaji kuhusu kinachotokea hapo na namna ya kukizuia.

Mara nyingi bomba la mtaani kwetu hupasuka saa ya kufungwa maji, si ya kufunguliwa. Presha si inapungua maji yanapofungwa?

Inapungua kwa wale walio chini ya valvu. Kwa bomba lililo juu yake, kule maji yanakotoka, hali ni kinyume kabisa.

Tuchukue mfano mmoja, kisha tuufuate mpaka mwisho. Bomba la chuma lenye upana wa milimita 200 na urefu wa kilomita 4, masafa yanayokaribia yale ya Mtoni mpaka Malindi. Ndani yake mna maji kiasi cha tani 125, yanayokwenda mita 1.2 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ukiifunga valvu ghafla, maji yaliyoigusa husimama papo hapo, lakini yale ya kilomita 3 nyuma hayana habari, yanaendelea kuja. Yanajibana juu ya yaliyosimama, presha inapanda, na kupanda huko kunasafiri kurudi nyuma ndani ya bomba kama wimbi. Hiyo ndiyo nyundo ya maji. Katika bomba la chuma la namna hii, wimbi hilo huenda karibu mita 1,200 kwa sekunde.

Kiasi cha presha inayoongezeka kinajulikana tangu Nikolai Zhukovski alipofanya majaribio yake kwenye mabomba ya Moscow na kuyachapisha mwaka 1898. Unazidisha kasi ya wimbi kwa kasi ya maji uliyoizuia, kisha unagawa kwa 9.81. Hapa 1,200 mara 1.2 gawa kwa 9.81 ni kama mita 147 za maji. Bomba letu lilikuwa na presha ya kawaida ya mita 30. Jumla inafika mita 177. Bomba la plastiki lililoandikwa PN10 limetengenezwa kubeba mita 100. Sasa fikiria mstari wa chuma uliotiwa viraka vya plastiki kila ulipowahi kupasuka. Wimbi linapita kwenye chuma bila madhara, kisha linakuta kiraka.

Kwa hiyo bomba linapasuka pale pale penye valvu?

Si lazima. Linapasuka penye udhaifu, hata kama ni kilomita 2 kutoka kwa aliyeshika valvu. Ndiyo maana fundi aliyefunga huondoka akiamini kazi yake imekwenda sawa, na watu wa mtaa mwingine kabisa wanapiga simu kulalamika.

Mji huu umetegemea maji yanayotoka mbali tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuyaleta mjini kutoka chemchemi za upande wa kaskazini. Leo kuna visima vilivyochimbwa, matangi na pampu, lakini bomba refu bado lipo, na urefu ndio unaoipa nyundo nafasi.

Sababu yake ni hii. Wimbi likifika mwisho wa bomba, kwenye tangi, linageuka na kurudi likiwa limeshusha presha. Katika mfano wetu kwenda na kurudi ni kilomita 8, yaani sekunde 6.7. Ukifunga valvu ndani ya muda huo, pigo unalipata lote, mita 147, kwa sababu nafuu haijafika bado. Ukitumia muda mrefu zaidi, nafuu inakuta valvu bado iko wazi na pigo linapungua. Bomba la mita 400 lingehitaji sekunde 0.67 tu.

Hakuna anayeweza kufunga valvu kubwa kwa sekunde 7. Tatizo liko wapi?

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeshika ufunguo wa valvu alielewe kuliko yote mengine.

Valvu nyingi za mitaani ni za geti: bamba la chuma linalotelemka kidogo kidogo kila unapozungusha. Chukua valvu ya mizunguko 30. Mizunguko ya mwanzo takriban haifanyi kitu. Bamba limeshuka nusu na maji yanapita karibu kama kawaida, kwa sababu kizuizi kikubwa bado ni msuguano wa bomba lote la kilomita 4. Kazi yote ya kuyasimamisha maji inafanyika katika sehemu ya tano ya mwisho, yaani mizunguko 6.

Mtu mwenye nguvu, akizungusha mzunguko mmoja kwa sekunde, anafunga kwa nusu dakika na kuona kwamba hakuwa na haraka. Lakini ile mizunguko 6 ya mwisho imemchukua sekunde 6. Amelipata pigo lote.

Akifunga kwa dakika nzima, mizunguko ya mwisho inachukua sekunde 12. Kwa muda uliozidi sekunde 6.7 tunatumia hesabu nyingine: mara mbili ya urefu, zidisha kwa kasi ya maji, gawa kwa 9.81 na kwa muda. Inatoka mita 82. Pamoja na zile 30 ni 112, na kiraka cha PN10 bado kiko hatarini. Lakini akiipa mizunguko 6 hiyo dakika yake peke yake, ongezeko ni mita 16 tu, na bomba halina habari kama limefungwa.

Hesabu hizi ni za mstari mmoja ulionyooka. Mtandao wenye matawi mengi hulivunja wimbi, na mara nyingi pigo halisi huwa dogo kuliko hili. Usitegemee hilo kwenye tawi lililofungwa mwisho: wimbi likifika hapo linageuka na kupanda tena.

Wakibadilisha mabomba yote kuwa plastiki, tutapumzika?

Kwa sehemu. Plastiki inatanuka kidogo, kwa hiyo wimbi linakwenda polepole. Katika lile bomba jeusi laini ni kama mita 300 kwa sekunde, na pigo la mfano wetu linashuka kutoka mita 147 hadi 37. Hiyo ni faida kubwa.

Ila wimbi la polepole linachelewa kurudi: kilomita 8 sasa zinachukua sekunde 27, na ufungaji wowote wa chini ya muda huo ni wa ghafla. Tena ile plastiki ngumu ya viungo vya mpira huchoka ikipigwa mara kwa mara. Bomba linalofungwa kila siku kwa mgao linapokea mamia ya mapigo kwa mwaka, na siku moja linafunguka kwa ufa mrefu ulionyooka, hata kama pigo la siku hiyo halikuwa kubwa kuliko la jana. Ukiona tundu dogo la kutu, hiyo ni chumvi na uzee. Ufa mrefu au kiungo kilichochomoka ndio unaokuambia uchunguze valvu na pampu.

Umetaja pigo la juu ya valvu. Chini yake hakuna neno?

Lipo, na mimi linanitisha zaidi. Maji ya chini ya valvu yanaendelea kwenda na hakuna yanayoyafuata, kwa hiyo presha inaanguka, pengine chini ya ile ya hewa. Hapo kila kiungo kinachovuja kinageuka: badala ya kutoa maji kinafyonza. Katika Mji Mkongwe bomba linapita karibu na makaro na mifereji ya zamani ya maji machafu. Kinachofyonzwa usiku ndicho kinachotoka kwenye mfereji wa jikoni asubuhi.

Jambo hilo hilo hutokea kwenye pampu umeme ukikatika. Unguja inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na wengi wetu tunaikumbuka ile miezi ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 waya ulipoharibika. Lakini hata kukatika kwa dakika 5 kunatosha: pampu inasimama ndani ya sekunde chache, presha inaanguka, kisha maji yanarudi kwa kasi na kuifunga valvu ya kuzuia kurudi kwa kishindo. Hapo mkono wa fundi hausaidii. Panahitajika tangi la chuma lenye hewa iliyobanwa, lililoungwa kwenye bomba baada ya pampu, ili lisukume maji pale pampu inapokosekana na kuyapokea yanaporudi. Panahitajika pia valvu za hewa kwenye miinuko, ziingize hewa presha ikianguka. Ziwekwe juu ya kiwango cha maji ya chemba. Chemba ikijaa maji ya mvua, valvu ya hewa itafyonza uchafu ule ule tunaoukimbia. Valvu ya kupunguza presha inayotemea nje ni nzuri kwa pigo la juu, lakini kwa mfyonzo haina msaada wowote.

Nyumbani kwangu ukuta hugonga kila mashine ya kufulia inapomaliza kujaza. Ni jambo hilo hilo?

Ndilo, kwa kipimo kidogo. Valvu ya umeme ya mashine hujifunga kwa kama sekunde 0.05. Kwa bomba la mita 15 lenye maji ya mita 2 kwa sekunde, hiyo ni mita 122 za ziada. Koki ya mkono ya robo mzunguko ukiifunga kwa sekunde 0.3 inazidisha mita 20 tu. Bana bomba ukutani, punguza kasi kwa kukaza kidogo valvu ya kuingilia mashine, na ikibidi funga kichupa cha kumeza pigo chenye pistoni karibu na mashine. Kile kipande cha bomba kilichozibwa juu, ambacho mafundi hukiacha kihifadhi hewa, hujaa maji baada ya muda na kuacha kufanya kazi.

Ukuta ukigonga mfululizo, na mlio unatoka kwenye tangi la juu, tazama boya. Mawimbi ya ndani ya tangi hulipandisha na kulishusha, nalo linafunga na kufungua bila kutulia.

Kipimo cha presha kwenye chemba ya mtaa wetu hakijawahi kuonyesha mita 177. Vipi?

Mshale wa kipimo cha kawaida ni mzito mno, na kifaa kinachoandika presha kila dakika 15 hulala pigo likipita. Panahitajika kinachosoma mara kadhaa kwa sekunde, kikae hapo siku chache, kisha saa za mapigo zilinganishwe na daftari la kufungua na kufunga.

Na kufungua je?

Kujaza bomba tupu kuna hatari yake: hewa ikitoka haraka, maji yanagonga mwisho. Jaza kwa mita 0.3 kwa sekunde. Kwa kilomita 4 hiyo ni karibu saa 3 na dakika 40, na ratiba ya mgao inapaswa kuzihesabu saa hizo.

Kwa ndugu zangu mnaofunga valvu za mitaa: ile mizunguko 24 ya mwanzo zungusheni kila mmoja kwa sekunde 2. Ile 6 ya mwisho, kila mmoja sekunde 10. Kazi nzima haifiki dakika 2.