Simu ya depo inapokosa rezo: tuangalie kwanza poshete, mkono na joto



Katika msimu wa kahawa, simu ya karani wa depo inafanya kazi kubwa. Njo inaleta bei ya siku, njo inapokea ujumbe wa pesa ya simu kabla ya mkulima kurudi nyumbani. Rezo ikikatika wakati mnunuzi anataja bei, tunauza kwa kubahatisha. Mara mingi tunasema: «Mnara wao ni mbaya.» Pengine ni kweli. Lakini kuna sababu tatu ambazo ziko mikononi mwetu, na kuzirekebisha hakuombi hata franka moja.

Simu inasema na kusikia kupitia antene

Ndani ya simu kuna antene ndogo, mara mingi upande wa chini, na katika simu nyingi kuna ingine upande wa juu. Antene hiyo inapokea mawimbi kutoka kwa mnara na kurudisha mengine. Inafanana na sikio na mdomo kwa pamoja. Ukifunika sikio, utasikia vibaya. Ukifunika mdomo, wengine hawatakusikia.

Nguvu ya rezo inapimika. Kwenye simu nyingi za Android zilizo katika Kifaransa, fungua `Paramètres`, kisha `À propos du téléphone`, halafu tafuta `État de la carte SIM`. Majina yanaweza kutofautiana kidogo kufuatana na simu. Hapo utaona `Intensité du signal` na namba kama `-89 dBm`. Namba hiyo ina alama ya kutoa mbele, kwa hiyo -89 ni nzuri kuliko -99. Kanuni ni rahisi: ukipoteza 3, umepoteza nusu ya nguvu. Ukipoteza 10, unabaki na sehemu moja tu kwa kumi. Linganisha namba wakati simu iko kwenye rezo ya aina moja, 2G na 2G ao 4G na 4G, kwa sababu kipimo cha kila moja ni tofauti.

1. Chuma

Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya chuma. Poshete yenye mgongo wa aluminiumu, kibati cha kushikisha simu kwa sumaku, sanduku la chuma la pesa, hata kopo la maziwa lililofungwa sababu ya mvua: vyote vinaifungia simu mlango. Kwa sababu hiyo mnunuzi anapiga, anaambiwa simu imezimwa, na sisi tunaiona inawaka.

Nyumba ya manjanja nayo ni sanduku kubwa. Depo yenye kuta na paa la manjanja inaacha mawimbi yaingie zaidi kwenye mlango na madirisha. Meza ya karani ikiwa pembeni kabisa nyuma, isogezwe karibu na mlango.

Dawa yake: tumia poshete ya plastiki, kaucu ao kitambaa. Kwa mvua, mfuko wa plastiki usiopitisha maji unatosha, maana mawimbi yanaupita bila shida.

2. Mkono

Mwili wetu una maji mengi, na maji yanameza mawimbi. Ukikamata simu kwa kiganja chote, vidole vikizunguka sehemu ya chini, unafunika antene. Jambo hili lilijulikana duniani mwaka 2010, wakati iPhone 4 ilipotoka. Antene yake ilikuwa ni ule ukanda wa chuma wa pembeni, na mkono ukigusa pengo la upande wa kushoto chini, rezo ilishuka. Kampuni Apple ilitoa poshete za bure ili ngozi isiguse ule ukanda.

Simu za leo ni bora, lakini mkono bado unapunguza. Kamata simu kwa vidole, pembeni katikati, na uache chini na juu wazi. Hata bora, weka simu juu ya meza ya mbao na uongee kwa kipaza sauti ao ekutere za kamba. Ukiwa na mizani mkono mmoja, hii inakusaidia mara mbili.

3. Joto

Simu ikipata moto sana, inajikinga. Inapunguza mwangaza wa ekrani, inapunguza ao inasimamisha sharje, na simu nyingi zinapunguza pia nguvu ya kutuma mawimbi. Apple inaandika wazi kwamba simu zake zitumiwe mahali ambapo joto liko kati ya digrii 0 na 35, na kwamba zikipita kiasi rezo inaweza kushuka. Simu iliyoachwa juani, juu ya tangi ya pikipiki ao kando ya pano ya jua, inapita digrii hizo haraka.

Tena kuna mzunguko mbaya. Rezo ikiwa dhaifu, simu inapiga kelele ili mnara uisikie: kwenye 2G inaweza kufika wati 2. Kelele hiyo inakula batri na kuleta joto. Poshete ya chuma inapunguza rezo, simu inapiga kelele zaidi, inapata moto, halafu inajipunguza. Matatizo matatu yanakuwa moja.

Dawa yake: pano ibaki juani, lakini simu ikae kivulini, kamba ya sharje ifike. Simu ikiwa moto, itoe kwenye sharje, vua poshete, zima tochi na data, uiache kivulini dakika 10 mpaka 15. Usiitie ndani ya maji wala friji: maji yanajikusanya ndani na kuiharibu. Ukipita mahali pasipo na rezo kabisa, weka `Mode avion` ili isichoke bure, na ukumbuke kuiondoa.

Tufanye jaribio pamoja

Tuchukue mfano wa karani mmoja. Simu yake ina poshete ya chuma, iko kwenye sharje juani, na ameikamata kwa kiganja chote. Tuseme anasoma -107: sauti inakatika. Anaiweka kivulini mpaka ipoe, anasoma tena: -105. Anavua poshete: -98. Anaikamata kwa vidole pembeni: -92. Amepata 15, ni kusema zaidi ya mara 30 ya nguvu aliyokuwa nayo, bila kuhama pale alipo.

Fanya hivyo kwenye depo yako. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, ngoja dakika moja ili namba itulie, na uandike kwenye daftari. Hivyo utajua ni kitu gani kilikuwa kinakuzuia.

Je, ikiwa haibadiliki?

Simu ikiwa baridi, bila poshete, imekamatwa vizuri, na namba bado iko mbaya, leta simu ya jirani ya kampuni ileile kando yake. Kama zote mbili hazishike, tatizo ni mahali ao mnara: toka nje, panda juu kidogo, ao tafuta kampuni ingine inayoshika hapo. Kama ya jirani inashika na yako hapana, geuza kwanza kadi za SIM kati ya simu hizo mbili. Tatizo likifuata kadi, ibadilishe. Likibaki na simu, antene imeharibika, peleka kwa fundi.

Karani na mpimaji wafanye jaribio hili kabla ya siku ya kwanza ya kununua parche, si siku ambapo wakulima wamepanga mstari.