Picha Moja, Risiti Tatu: Namna ya Kuzitenganisha

Kamati ya ujenzi wa shule inaponunua vifaa katika maduka kadhaa, mtunza hazina huweza kuzipanga risiti mezani na kuzipiga picha moja. Kila risiti, hata hivyo, ni manunuzi yanayojitegemea, na hustahili kumbukumbu yake.

Tuchukue mfano wa risiti tatu zilizotolewa mjini Tabora: saruji shilingi 190,000, nondo 96,000 na misumari 14,000. Kwanza, risiti huhesabiwa na idadi yake kuandikwa. Kisha picha hukatwa mara tatu, kila mara kutoka picha ya awali, na kila kipande huhifadhiwa kama nakala mpya ili picha hiyo isifutike. Kipande kamili huonyesha jina la duka, tarehe, jumla, na namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti ya EFD. Risiti iliyofunikwa na nyingine hupigwa picha upya.

Baada ya hapo, kiasi cha kila kumbukumbu hujumlishwa. Jumla ikiwa 300,000, kazi imekamilika. Ikiwa 286,000, pungufu ya 14,000 huonyesha kwamba misumari imesahaulika. Ikizidi, huenda risiti moja imeingizwa mara mbili. Namba ya uhakiki inayojirudia ndiyo huithibitisha.

Risiti zenyewe zisitupwe. Hata hivyo, maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga, hivyo picha ipigwe siku ileile ya manunuzi.