SOMO: Tangazo la Picha kwa Mauzo ya Sikukuu

Siku hizi mwenye kibanda sokoni huweza kutangaza mauzo ya sikukuu kwa mfululizo wa picha tano au sita, ambazo mnunuzi huzipitisha kwa kidole katika simu yake. Atakayeutayarisha hana budi kukumbuka kwamba picha hizo hazikai pamoja. Mtu akipendezwa na gauni humpelekea dada yake picha ya gauni peke yake. Ikiwa tarehe imo katika picha ya kwanza tu, dada huyo atafika Januari akidai bei ya Desemba, na kosa halitakuwa lake.

Tuseme muuzaji wa nguo za watoto katika soko la Kongowea, Mombasa, anajiandaa kwa Krismasi ya mwaka 2026. Picha ya kwanza inataja bidhaa, mahali kibanda kilipo, na muda: "Jumamosi 12 Desemba hadi Alhamisi 24 Desemba 2026, saa 11 jioni." Maneno "hadi sikukuu" hayatoshi, na kwa Idi ni mabaya zaidi, kwa kuwa siku yenyewe hungoja mwezi kuandama.

Picha zinazofuata zina nguo moja moja: "Gauni, miaka 2 hadi 5: shilingi 800. Bei ya kawaida 1,000. Mwisho 24 Desemba 2026." Kuandika "punguzo hadi asilimia 30" humlazimu kila mtu kuuliza bei, na muuzaji hushinda akijibu simu badala ya kuuza. Nauli ya kupeleka mzigo, ikiwa ipo, itajwe papo hapo.

Picha ya mwisho ni ya malipo, nayo ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Mnunuzi afungue M-PESA, achague "Lipa na M-PESA", kisha "Buy Goods and Services". Aandike namba ya tili, kiasi, na namba yake ya siri. Wengi huteleza kwa kuchagua "Pay Bill", ambayo hutumia namba za aina nyingine, na malipo yasimfikie muuzaji. Kwa hiyo picha itaje njia kwa jina lake, pamoja na jina la biashara litakalotokea katika ujumbe wa uthibitisho. Jina hilo mara nyingi si lile lililo kwenye kibao cha kibanda, na mnunuzi asiyeambiwa mapema hudhani ametapeliwa.

Muuzaji naye asitoe nguo kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mnunuzi. Ujumbe huweza kughushiwa, au ukawa wa malipo ya jana. Atazame simu yake mwenyewe iliyosajiliwa kwa tili hiyo, alinganishe kiasi na msimbo wa muamala, ndipo aandike msimbo huo daftarini mbele ya nguo iliyotoka.

Swali la kujadiliwa chamani: Mnunuzi amelipa shilingi 800 tarehe 24 Desemba saa 12 jioni, akiwa na picha ya gauni isiyotaja saa. Je, apewe gauni kwa bei hiyo?