SOMO LA KUMI NA MBILI: ZOEZI LILE LILE AU ZOEZI JIPYA?

Watu wengi wanaofanya mazoezi ya viungo huuliza swali hili: Je, tubadilishe mazoezi kila wiki, au tubaki na yale yale? Katika somo hili tutalijibu kwa mfano wa mama mmoja. Tuseme anakaa hapa Vitongoji, na ana umri wa miaka 56.

Mama huyu aliugua kwa muda mrefu. Alipopona, hospitali ilimruhusu kufanya kazi zake. Lakini mapaja yake yalikuwa yamelegea. Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, hawezi kuinuka mpaka mtu amshike mkono. Akiwa peke yake nyumbani, hukuna nazi amesimama mlangoni akimngoja mtoto apite, ili amwite. Jambo hili lilimtia uchungu.

Mtoto wa kaka yake, kijana mcheza mpira, akamwambia, "Shangazi, nitakufundisha mazoezi."

Wiki ya kwanza alimwinua na kumkalisha kitini. Wiki ya pili alimpandisha na kumshusha barazani. Wiki ya tatu alimchuchumalisha huku amejishika dirishani. Wiki ya nne alimlaza chali, akamwinulisha mguu mmoja mmoja. Kijana aliamini kwamba mwili ukizoea zoezi hauendelei tena.

Baada ya wiki nne mama alichoka. Kila wiki mapaja yalimuuma upya, na bado hakuweza kuinuka kwenye mbuzi. Aliandika hesabu zake katika daftari la darasa la kisomo. Alipolifungua aliona hivi: kitini mara 6, barazani mara 10, kuchuchumaa mara 4, kuinua mguu mara 15. Akauliza, "Mwanangu, je, nimeendelea au sikuendelea?" Kijana hakuweza kujibu. Hesabu nne za vitu vinne haziwezi kulinganishwa.

KWA NINI MABADILIKO YALIMRUDISHA NYUMA?

Ziko sababu mbili.

Ya kwanza, mwili hujifunza zoezi kama mkono unavyojifunza kuandika. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Misuli yenyewe hunenepa polepole, na kwa kawaida huchukua miezi miwili au zaidi kabla ya kuonekana. Anayebadili zoezi kila wiki hubaki katika kujifunza. Ni sawa na mwanafunzi anayepewa herufi mpya kabla ya kuijua ya jana.

Ya pili, maumivu ya misuli huja zaidi tunapofanya jambo tusilolizoea. Mkulima huyajua maumivu haya siku ya kwanza ya kulima baada ya mapumziko. Akiendelea na kazi ile ile, hupungua. Maumivu hayo si kipimo cha nguvu. Ni alama tu kwamba jambo ni geni. Mama alipopewa mazoezi mapya kila wiki, aliumwa kila wiki, akashindwa kufanya mengi.

KUBAKI NA ZOEZI MOJA

Shangazi na kijana wakakubaliana kushika zoezi moja kuu, yaani kukaa kitini na kuinuka bila kujishika. Walilichagua hilo kwa sababu linafanana na kazi anayotaka kuiweza. Kiti walikiegemeza ukutani ili kisiteleze. Alifanya siku tatu kwa wiki: Jumamosi, Jumatatu na Jumatano.

Aliinuka mara 6, akapumzika dakika mbili, akarudia, akapumzika, akarudia tena. Kila mara 6 ni fungu moja. Kwa hiyo alifanya mafungu matatu. Kanuni yake ilikuwa hii: akimaliza mafungu yote matatu bila kujishika, wiki inayofuata anaongeza.

Daftari lilisema hivi:

Kiti kinachofika magotini
Wiki ya 1: mara 6
Wiki ya 2: mara 7
Wiki ya 3: mara 8
Wiki ya 4: mara 10
Wiki ya 5: mara 11
Wiki ya 6: mara 12

Alipofika mara 12 hakubadili zoezi. Alibadili kimo. Alikaa kwenye kigoda chenye gunia lililokunjwa juu yake, chini ya kile kiti kwa vidole vinne. Hesabu ikashuka.

Kigoda na gunia
Wiki ya 7: mara 6
Wiki ya 8: mara 8
Wiki ya 9: mara 8
Wiki ya 10: mara 8

Hapa mama alikwama. Kijana alitaka kumpa zoezi jingine. Mama akasema, "Ngoja kwanza." Wiki ya 11 alipunguza kazi: fungu moja tu, siku mbili tu. Alilala mapema, akala dagaa na kunde. Wiki ya 12 aliinuka mara 10, na wiki ya 13 mara 12. Kumbe hakuhitaji zoezi jipya. Alihitaji kupumzika.

Kisha gunia likaondolewa. Katika mwezi wa tano aliinuka kwenye mbuzi peke yake, bakuli la nazi mkononi.

Angalia: usijifunzie zoezi hili juu ya mbuzi. Ina meno mbele. Tumia kigoda.

Fahamu pia kwamba kubaki na zoezi si kubaki na kipimo. Kama mama angeinuka mara 6 kwenye kiti kile kile kwa miezi mitano, asingefika popote. Zoezi hubaki, kipimo hupanda: idadi, kimo, au uzito. Dumu lenye lita 5 za maji lina kilo 5. Ukilipakata kifuani, zoezi lile lile huwa gumu zaidi.

Hata mabingwa hufanya hivyo. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mwaka 2016 na 2021, alijulikana kwa ratiba isiyobadilika sana. Kwa miezi kabla ya shindano, Alhamisi ilikuwa siku ya mbio ndefu, kilomita 30 au 40.

NI WAKATI GANI TUBADILI?

1. Maumivu yakiwa ndani ya kiungo, kama goti, na yakazidi kila unapofanya zoezi. Acha zoezi hilo. Maumivu yasipoondoka, nenda hospitali.

2. Hesabu ikisimama wiki tatu, ukapumzika wiki moja, na bado haipandi. Badili kidogo tu. Badala ya kigoda, panda baraza. Usibadili yote kwa pamoja.

3. Zoezi likiwa rahisi mno, na huwezi kuliongezea uzito wala kimo.

4. Ukitaka kuweza kazi nyingine. Anayetaka kubeba ndoo afanye zoezi la kubeba.

Basi, zoezi kuu lishike miezi mitatu au zaidi, maadamu hesabu inapanda. Mazoezi madogo ya kusaidia, kama kuinua visigino, unaweza kuyabadili kila baada ya wiki nne au sita, hasa yakikuchosha moyo.

Mwezi wa Ramadhani usibadili zoezi. Punguza mafungu, na ufanye usiku baada ya kufuturu.

MASWALI

1. Kwa nini hesabu za wiki nne za mwanzo hazikumsaidia mama?
2. Alipokwama wiki ya 10, alifanya nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya kubadili zoezi na kubadili kipimo?
4. Chagua kazi moja inayokushinda nyumbani. Andika katika daftari lako zoezi linalofanana nayo, na hesabu yako ya leo.