Kuhesabu Mizinga ya Manzuki

Swali la darasa: Manzuki ina urefu wa mita 22 na upana wa mita 16. Itachukua mizinga mingapi?

Masharti ni haya. Kila mzinga una urefu wa mita 1, na milango yote yaelekea upande mmoja wa upana. Mbele ya kila mlango pabaki mita 4 wazi, kwani asimamaye katika njia ya nyuki huumwa. Katika safu, mlango hadi mlango ni mita 3. Mlango wa pembeni uwe mita 2 kutoka uani. Nyuma ya safu ya mwisho ibaki mita 1 ya kupita mfugaji.

Kwa urefu: 22 − 4 = 18; 18 ÷ 3 = 6. Hizi ni nafasi kati ya milango, hivyo mizinga ni 7.

Kwa upana: kila safu yahitaji 4 + 1 = 5. Basi 16 − 1 = 15; 15 ÷ 5 = safu 3. Hapa hatuongezi moja, kwani kila safu imekwisha kuhesabiwa pamoja na nafasi yake. Jibu: 7 × 3 = mizinga 21.

Mwanafunzi atakayegawanya eneo, 352 ÷ 15, atapata 23. Mpe vigingi 23 avipange uwanjani kwa kamba iliyopimwa: viwili vitakosa mahali, ila katika njia ya nyuki.