Vipele na Homa

Katika nyumba moja watoto wawili waliugua juma moja. Mkubwa, msichana wa miaka tisa, alishikwa na homa ndogo, halafu vipele vikatoka kifuani, mgongoni, usoni, hata ndani ya nywele. Vilikuwa kama matone ya maji juu ya ngozi. Kila siku vipya vilitokea karibu na vile vya zamani vilivyoanza kukauka. Majirani waliomwona waliogopa. Lakini mtoto mwenyewe alikunywa uji wake, akacheza, akajikuna mchana kutwa. Mwuguzi wa kituo cha afya alimtazama, akamwambia mama: "Hii ni tetekuwanga. Mkate kucha, mwogeshe, wala usimpe aspirini. Akae mbali na watoto wachanga na mama wenye mimba mpaka vipele vyote vikauke." Baada ya juma moja hivi alipona.

Mama alifanya vema kumwonyesha kwa mwuguzi. Katika Kongo kuna pia ndui ya nyani, ambayo siku hizi waganga huiita mpoksi. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa nayo alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, mwaka 1970. Vipele vyake hufanana na tetekuwanga, lakini mara nyingi ni vigumu, vinalingana, na hutoka hata katika viganja na nyayo. Kwa macho tu watu wengi hukosea.

Siku ya tano, jioni, mdogo wake wa miaka minne alipata homa kali. Mama akasema: "Ni tetekuwanga ya dada yake, au ni malaria." Akampa dawa ya homa, akamlaza. Usiku mtoto akatapika. Akalia kwamba miguu inamwuma, akakataa kusimama. Tumbo lake lilikuwa moto sana, lakini mikono na miguu ilikuwa baridi. Alfajiri alilala tu. Akiitwa, alifungua macho kidogo, akayafumba tena. Na vipele? Vilikuwa madoa sita au saba tu, madogo kama ncha ya sindano, tumboni na kwenye nyayo.

Baba yake alikumbuka mafundisho ya mwaka 2021, wakati homa ya uti wa mgongo ilipoua watu zaidi ya 100 huko Banalia, katika jimbo la Tshopo. Akatwaa bilauri ya kioo, akaikandamiza juu ya madoa, akatazama kupitia kioo. Madoa hayakufutika. Hakungoja chai. Akamfunga mtoto mgongoni mwa mama, akawapandisha wote wawili kwenye baiskeli, wakaenda.

Kwa nini bilauri? Vipele vingi huwa vyekundu kwa sababu mishipa midogo ya ngozi imepanuka na kujaa damu. Ukikandamiza, damu husukumwa mbali, na rangi hupotea. Lakini mishipa ikipasuka, damu humwagika nje yake, ndani ya ngozi. Haina njia ya kurudi, na doa hubaki. Katika ngozi nyeusi madoa hayo huonekana kwa shida, basi yatafutwe mahali peupe zaidi: viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope la chini, na juu ndani ya kinywa.

Hata hivyo bilauri haitoshi. Mwanzoni madoa ya ugonjwa huu yaweza kufutika, au yasiwepo kabisa. Mtoto mwenye homa asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa, mwenye shingo ngumu au degedege, apelekwe mara moja, hata kama ngozi yake ni safi.

Kituoni mwuguzi alimchoma sindano ya dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuandika jina lake, kisha akampeleka hospitali. Mtoto aliishi. Sikio lake la kushoto halisikii tena, na shuleni hukaa mbele.

Surua ni jambo lingine. Kwanza huja homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, siku tatu au nne. Ndipo vipele hutoka nyuma ya masikio na usoni, vikishuka mpaka miguuni. Vipele hivyo haviui. Kinachoua ni mapafu kuugua, na kuhara. Kwa hiyo mtoto wa surua apelekwe kituoni siku ile ile, apewe vitamini A, leo na kesho, ili macho yake yasipofuke. Akipumua mbiombio, au kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, asingoje hata saa moja.

Maulizo

1. Kwa nini majirani waliogopa ugonjwa wa msichana kuliko ule wa mdogo wake?
2. Madoa yasiyofutika chini ya bilauri yana nini ndani yake?
3. Ukiwa na ngozi nyeusi, madoa utayatafuta wapi?